Andika Ufunguo Ulipo, Usiandike Ufunguo

Likasi mtu akipoteza simu, kinachomliza si simu. Tecno au Itel nyingine itapatikana, mpya au ya mkono wa pili. Kinachomliza ni namba. Kwenye namba ndiko ilikokaa M-Pesa au Airtel Money, ndiko inakoingia meseji ya tarakimu sita inayofungua WhatsApp, ndiko Google inakotuma namba ya kuthibitisha pale mtu anapotaka kufungua barua pepe yake kwenye simu ngeni. Mwenyewe akiwa mzima, atahangaika siku kadhaa na mambo yatarudi. Akiwa amelazwa hajitambui, au ameshazikwa, hangaiko linahamia kwa watu ambao hawajui hata alikuwa na nini.

Familia zikishtukia hatari hiyo, mara nyingi hukimbilia dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa. Baba anaandika namba zake zote za siri nyuma ya Biblia, au anazituma kwenye kundi la WhatsApp la familia lenye wajomba, mashemeji na mtoto wa darasa la tano. Nyuma ya Biblia atapasoma kila atakayeishika. Meseji ya kundi itabaki kwenye simu za watu wote, pamoja na zile zitakazouzwa sokoni bila kufutwa. Halafu baba akibadilisha namba ya siri, karatasi inabaki na ile ya zamani. Anayeitegemea anajaribu mara tatu na akaunti inafungwa kabisa.

Kuna njia nyingine, nayo haihitaji kompyuta. Ni orodha inayotaja kila akaunti, kila kifaa na kila kitu kinacholipiwa mwezi kwa mwezi, ikaeleza siri ya kila kimoja inahifadhiwa wapi na nani anaruhusiwa kuifuata huko, bila kuitaja siri yenyewe. Ikiibwa, mwizi atajua mna nini lakini hatakuwa na cha kufungulia. Na siri ikibadilishwa, orodha haichakai, kwa sababu mahali pa kuhifadhia hapajahama.

Nitumie nyumba moja ya mfano. Nimeibuni, ila anayeijua Likasi ataona haiko mbali. Mama anauza unga na samaki wakavu katika soko la Kikula. Baba ni dereva wa kampuni ndogo inayofanya kazi za mgodini upande wa Fungurume, analala huko na kurudi mwisho wa juma. Binti anasoma Chuo Kikuu cha Likasi, UNILI. Kaka yake yuko Brussels. Shangazi, dada yake baba, anaishi Panda. Marehemu mumewe alikuwa mmoja wa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Watu wa kizazi chao walifundishwa na kampuni kutunza makaratasi, na waliokuja kudai haki zao baadaye walijua karatasi moja ina thamani gani. Shangazi bado ana sanduku la bati lililojaa farde, na katika ukoo mzima ndiye ambaye karatasi haijawahi kumpotea. Sanduku hilo tutalihitaji.

Binti ndiye anayeshika kaye, daftari la kawaida la shule, Jumapili mchana baba akiwa nyumbani. Wengi wakianza kazi hii huanza na majina yanayowajia haraka, yaani Facebook, Gmail, WhatsApp. Ni kuanzia juu ya nyumba. Akaunti hizo zote zimesimama juu ya namba za simu, kwa hiyo namba ndizo za kuandikwa kwanza, kila moja kwenye mstari wake. Simu ya mama ina laini mbili, Vodacom na Airtel. Baba ana Airtel na Orange. Binti ana Vodacom na Africell. Ni mistari sita, na katika kila mstari swali la kwanza si nani anaitumia. Swali ni imeandikishwa kwa jina la nani.

"Mama, ile namba ya Vodacom iko ku jina ya nani?"

"Iko ku jina ya yaya wako. Ni ye alininunuliaka mbele ya kuenda Bulaya."

Hapo kazi ya siku nzima imeshajilipa. Laini inayobeba biashara yote ya mama, mbele ya kampuni ya simu, ni mali ya kijana aliye Brussels. Simu ikiibwa leo kwenye basi, duka la mtandao litataka kitambulisho cha aliyeandikishwa kabla ya kutoa laini mpya yenye namba ileile. Nchini Kongo kitambulisho ambacho watu wengi wanacho ni kadi ya mpigakura ya CENI, na mama atakwenda na ya kwake yenye jina lisilolingana. Hakuna nywila iliyoandikwa popote itakayomsaidia. Dawa ni kurekebisha jina la laini sasa, wakati kijana bado yuko hai na anapokea simu, badala ya kungoja msiba au wizi. Kwenye kaye binti anaandika: "Vodacom ya mama, inaishia 47. Jina: yaya. Ibadilishwe kabla ya mwisho wa mwezi." Haandiki namba nzima. Tarakimu mbili za mwisho zinatosha kwa mtu wa nyumbani kujua ni ipi.

Kwenye mstari huohuo anaongeza ilipo ile kadi ya plastiki iliyokuja na laini, ile inayovunjwa ili kuitoa. Juu yake imechapwa PUK, tarakimu nane zinazohitajika mtu akikosea namba ya siri ya laini mara tatu. Ukikosea PUK yenyewe mara kumi, laini imekufa. PUK ni siri, kwa hiyo haiingii kwenye orodha. Kinachoingia ni "plastiki: farde nyekundu, kabati la chumbani". Wengi huitupa plastiki hiyo palepale kwa muuzaji. Ikiwa imetupwa, andika imetupwa. Orodha inayosema ukweli kwamba kitu hakipo ina faida kuliko inayomtuma mtu kutafuta hewa.

Laini isiyotumika nayo ina hatari yake. Kampuni za simu hazihifadhi namba iliyolala milele. Ikikaa miezi bila kutumika inaweza kufungwa, na baadaye ikapewa mteja mwingine. Mteja huyo mpya, bila ubaya wowote, ndiye atakayeanza kupokea namba za kuthibitisha za akaunti zilizofungwa kwenye laini ile. Laini ya Orange ya baba haipigiwi na mtu, lakini ndiyo aliyoiandikisha Facebook miaka mingi iliyopita. Ama ahamishe Facebook kwenda laini anayoitumia, ama aandike tarehe ya kuiwekea salio. Binti anamshauri ahamishe. Naungana naye, kwa sababu tarehe za kuweka salio ndizo za kwanza kusahauliwa.

Baada ya namba ndipo zinakuja akaunti, na hapa kila mstari unahitaji mambo machache tu: ni kitu gani, ni cha nani, kikifungwa kinarudi kwa njia ya nini, siri iko wapi, na mara ya mwisho mstari umeangaliwa lini. Kwa mfano:

"Gmail ya mama. Inarudi kwa: Vodacom inayoishia 47. Siri iko: ndani ya simu yake, na bahasha ya kijani kwa shangazi. Imeangaliwa: Januari."

Mstari huo unaonekana mdogo, lakini maneno "inarudi kwa" ndiyo yanayofanya kazi. Ukifuata mishale yake unaona matatizo ambayo jicho la kawaida halioni. Bila bahasha ya kijani, hali ya mama ingekuwa hivi: nywila ya Gmail imehifadhiwa na simu yenyewe, hajawahi kuikariri. Simu ikipotea, Google itataka namba ya kuthibitisha, na namba hiyo inaingia kwenye laini iliyo ndani ya simu iliyopotea. Laini inarudishwa kwa kitambulisho cha kijana wa Brussels. Kijana anapatikana kwa WhatsApp, na WhatsApp ya mama inafunguliwa kwa meseji inayoingia kwenye laini ileile. Kila ufunguo umewekwa ndani ya chumba kinachofunguliwa na ufunguo mwingine, na cha mwisho kinarudi kwa cha kwanza. Hivyo ndivyo mtu mwenye nywila nzuri, ambaye hajaibiwa siri hata moja, anavyojikuta nje ya mambo yake yote kwa pamoja.

Mviringo huo hukatwa na kitu kimoja kilicho nje ya simu. Kwa Google, kitu hicho kipo na ni bure. Mtu akiwasha uthibitisho wa hatua mbili, anaweza kutoa namba kumi za akiba, kila moja ya tarakimu nane. Kila namba hutumika mara moja, nayo inakubaliwa pale ambapo meseji ingehitajika. Hazichukui nafasi ya nywila, kwa hiyo nywila nayo inaandikwa kwa mkono kwenye karatasi hiyohiyo. Karatasi inaingia kwenye ile bahasha ya kijani, bahasha inafungwa kwa gundi, mama anaweka sahihi yake ikikatiza kwenye mfuniko, na tarehe. Bahasha inapelekwa Panda, kwenye sanduku la bati. Shangazi hajui ndani kuna nini wala hahitaji kujua. Anachojua ni kwamba anampa mama mwenyewe, na mama asipoweza, anampa binti. Sahihi ikionekana imekatika, kila mtu atajua bahasha imefunguliwa, na siri zilizomo zitabadilishwa siku hiyohiyo.

Kuna mtego mmoja kwenye namba hizo kumi. Ukitoa seti mpya, ile ya zamani inakufa papo hapo. Binti mwenye bidii anaweza siku moja kutoa seti mpya kwa ajili ya simu nyingine, na bahasha ya Panda ikabaki na karatasi isiyofungua kitu. Ndiyo maana tarehe ya juu ya bahasha inaandikwa pia kwenye kaye. Zikitofautiana, bahasha imepitwa.

Na kuna namna nyingine ya kuharibu orodha ambayo watu wengi huiona kama ujanja. Ni kuandika "ni mwaka aliozaliwa bibi", au "ni ile ya wifi, ongeza jina la mbwa". Huko si kutaja mahali, ni kuandika siri kwa mafumbo, na katika familia mafumbo hayo kila shemeji anayafumbua. Kipimo ni chepesi: mtu akiusoma mstari akiwa amekaa kitini, bila kuinuka kwenda popote, je, anaweza kufungua? Akiweza, mstari ufutwe na siri ibadilishwe.

Sasa pesa za kwenye simu. Hapa naona orodha inapaswa kuwa ngumu zaidi kuliko watu wanavyotaka. Kwa M-Pesa, Airtel Money, Orange Money na programu za benki, pale panapouliza siri iko wapi, jibu liwe: "haipo popote, iko kichwani mwake, njia ni ofisini." Si bahasha, si sanduku, si shangazi. Sababu ya kwanza ni kwamba namba ya siri ya pesa ndiyo sahihi ya mwenye pesa, na anayeitumia wakati mwenyewe yuko hospitali hawezi baadaye kuthibitisha kwamba alitumwa. Sababu ya pili ni mirathi. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na robo inayobaki inawaendea mjane, wazazi na ndugu zake. Salio la simu ni sehemu ya urithi huo kama ilivyo baiskeli. Anayelitoa usiku wa msiba kwa namba ya siri aliyoijua amechukua vya watu wengi, hata kama alinunua jeneza, na ugomvi unaofuata baina ya mjane na ukoo wa mume kila mtu anaujua. Tangu 13 Machi 2023 Kongo ina pia sheria ya mambo ya kidijitali, na kuingia kwenye akaunti ya mwingine bila idhini ni kosa.

Kwa hiyo mstari wa pesa unataja vitu vingine: ni kampuni gani, ni laini ipi, jina lililoandikishwa, na aina ya fedha. Hilo la mwisho si dogo. M-Pesa ya Kongo, ile ya *1122#, ina mifuko miwili, wa faranga na wa dola. Mjane anayejua mumewe aliweka "pesa kidogo" anaweza kuwa aliona faranga tu, wakati akiba ya karo ilikuwa kwenye dola. Orodha haihitaji kiasi. Inahitaji kusema "mifuko yote miwili inatumika", ili anayekwenda ofisini na cheti cha kifo na karatasi za mirathi aulize kuhusu yote miwili. Kwa upande wa benki ya baba, mstari unataja jina la benki, tawi, na ilipo kadi ya benki. Namba ya akaunti iko kwenye makaratasi ndani ya farde, na orodha inaelekeza kwenye farde hiyo.

Kwenye vifaa kazi inakwenda haraka zaidi, ila ina mshangao wake. Binti anawaambia wote walete mezani simu zote, nzima na mbovu. Kwa kila moja inayowaka anabofya *#06# na kunakili IMEI, tarakimu 15, mbili kwa simu ya laini mbili. Namba hiyo haifungui kitu, kwa hiyo inaandikwa wazi. Ndiyo inayohitajika polisi simu ikiibwa, na ndiyo inayotofautisha Tecno mbili zinazofanana.

Kisha anafungua akaunti ya Google ya baba, kwenye usalama, pale palipoandikwa "Vos appareils". Simu nyingi za Likasi zinazungumza Kifaransa. Orodha inaonyesha simu tatu, na baba ana moja. Ya pili iliharibika na iko kwenye droo. Ya tatu ni ile aliyomuuzia kijana mmoja njia ya kwenda Kolwezi bila kuifuta, na akaunti yake bado iko wazi ndani yake. Picha, barua pepe, na majina ya watu wote wa baba vimesafiri na simu ile. Anaitoa palepale kwa kubofya. Ukurasa huo unafaa kufunguliwa kwa kila mtu wa nyumbani kabla hujaamini kwamba umemaliza kuandika vifaa, kwa sababu kumbukumbu ya mtu husahau simu aliyouza, na Google haisahau.

Droo ya simu mbovu isidharauliwe pia. Mtu akifariki na simu yake imefungwa kwa alama ya kidole au mchoro, watu humpelekea fundi "aifungue". Fundi ana njia moja aliyoizoea, ya kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Picha zote za ndani zinafutika, na mara simu inapowaka inauliza akaunti ya Google iliyokuwamo mwanzo. Ulinzi huo ulikuja na Android 5.1. Familia inakuwa imepoteza picha na bado haina simu. Mstari wa simu ya mama kwa hiyo unasema: "mchoro wa kufungulia: bahasha ya kijani. Fundi asiirudishe kiwandani." Na kila simu inapotoka kwa fundi aliyepewa mchoro ili ajaribu kioo kipya, mchoro unabadilishwa, na bahasha nayo.

Vitu vya kulipia kila mwezi vigawanywe kwa swali moja: malipo yakikoma, nini kinatokea? Dekoda ya Canal+ inalipiwa kabla. Asipolipa mtu, picha inakatika na basi, hakuna deni. Mstari wake unataka tu jina la mteja na ilipo karatasi yenye namba ya kadi. Kinachohitaji macho ni kile kinachojilipia chenyewe. Kaka wa Brussels analipia nafasi ya ziada ya Google ya mama kwa kadi yake ya benki, ili picha za wajukuu zienee. Kadi hiyo ikiisha muda wake, mama atarudi kwenye GB 15 za bure akiwa ameshazipita, na Gmail yake itaacha kupokea barua. Mama hataelewa kwa nini. Ataambiwa mtandao mbovu. Mstari unasema: "analipa yaya kwa kadi yake, inaisha Septemba. Ikikatika, barua pepe haziingii." Kwenye simu za Android vitu vya aina hii vinaonekana ndani ya Play Store, penye "Paiements et abonnements". Vingine vinajitokeza mtu akipekua meseji za zamani, kwa sababu karibu kila huduma iliyowahi kujiandikisha kwa namba yako ilikutumia angalau meseji moja ya kukukaribisha au ya kuthibitisha. Binti alipopekua za baba aliiona akaunti ya kununua tiketi za basi ambayo baba alikwishaisahau. Hawakuiandika. Akaunti ambayo ikipotea hakuna atakayejua haina haja ya kujaza karatasi. Waliifunga.

Google yenyewe inatoa njia isiyohitaji nywila kabisa, na inashangaza jinsi watu wachache wanavyoitumia. Ndani ya akaunti kuna "Gestionnaire de compte inactif". Mwenye akaunti anachagua muda, kuanzia miezi 3 hadi 18, na anataja watu wasiozidi kumi. Akinyamaza muda wote huo, Google inawaarifu na kuwapa sehemu alizokubali, kama vile picha. Asiyepanga lolote ajue kwamba tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2. WhatsApp inafuta mapema zaidi, baada ya siku 120 za kutotumika. Kaka ana iPhone, na Apple tangu Desemba 2021 inamruhusu mtu kumteua mrithi wa akaunti. Mrithi anapewa ufunguo mrefu unaoweza kuchapwa, na siku ya haja anauonyesha pamoja na cheti cha kifo. Ufunguo huo ni siri, kwa hiyo karatasi yake nayo ikaenda Panda kwenye bahasha ya pili, ya bluu.

Orodha ikaisha kurasa mbili. Inakaa nyumbani Kikula, bahasha zinakaa Panda, na hilo ndilo sharti ambalo halivunjwi: ramani na hazina zisilale nyumba moja. Nakala ya pili ilikwenda kwa kaka peke yake, si kwenye kundi. Haina siri, lakini inaonyesha familia ina nini na nani anashika nini, na hayo si ya wajomba wote.

Kuijaribu hakuhitaji kufungua bahasha. Simu ya mama inazimwa mchana mmoja, na binti anaulizwa: imeibwa, unaanza wapi? Anafuata mistari kwa sauti. Duka la Vodacom, kitambulisho cha nani, kiko wapi, kisha Panda, bahasha ipi, tarehe ya juu yake inalingana na ya kaye? Popote anaposema "nitamuuliza mama", mstari haujakamilika. Popote jibu linaporudi kwenye simu iliyozimwa, kuna mviringo. Mara ya kwanza alikwama kwa shangazi mwenyewe, kwa sababu namba ya shangazi ilikuwa kwenye simu ya mama tu. Ikaandikwa juu ya ukurasa wa kwanza, tarakimu zote.

Mstari uliochukua muda mrefu zaidi ulikuwa wa baba. Alikuwa na simu ya pili, ndogo, ya Fungurume, na hakutaka iandikwe. Mama alinyamaza kwa namna ambayo kila mtu mezani aliielewa. Binti akaeleza kwamba kuandika kifaa si kukifungua, na kwamba simu isiyoandikwa ndiyo itakayopelekwa kwa fundi na mtu yeyote atakayeiokota. Mwishowe baba alichukua kalamu mwenyewe. Aliandika IMEI yake, laini iliyomo, na mahali siri ilipo: "haipo." Kwenye nafasi ya anayeruhusiwa aliandika jina la dada yake wa Panda, na amri moja, kwamba isifunguliwe, irudishwe kiwandani, na laini ifungwe ofisini.